Ndoo mbili, koili mbili, na pale katikati

(Haya niliyaongea Jumamosi hapa Moshi, mbele ya wanafunzi wa fomu five na six, walimu wa fizikia na mafundi wawili watatu waliokuja kuchungulia. Wengi waliomba niandike, basi nimeandika karibu vile vile nilivyoongea, nimepunguza tu kukohoa.)

Wazee shikamooni. Walimu wenzangu habari za saa hizi, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Naona wengine mnaangalia hivi vitu hapa mezani mnajiuliza huyu mwalimu kaja kuuza ndoo au. Hapana. Hizi ni ndoo za lita ishirini, mbili, nimezikata ule mdomo wa juu nikabaki na pete mbili za plastiki, halafu kila pete nimeizungushia waya wa shaba wa kuwaindi mota, mizunguko 50 huku na mizunguko 50 kule. Waya wenyewe ni wa milimita 0.8, nilipewa na fundi wangu pale Majengo anayesuka mota za mashine za kusaga, alinipa kwa masharti nimrudishie, kwa hiyo mtu asije akaukata.

Sasa angalieni nilivyoziweka. Zimesimama zinatazamana kama vioo viwili vya kinyozi, vitovu vyao viko kwenye mstari mmoja, na kutoka katikati ya waya hii mpaka katikati ya waya ile ni sentimita 15. Na kutoka kitovu cha pete mpaka kwenye waya, yaani nusukipenyo, nayo ni sentimita 15. Hiyo namba kuwa ile ile sio bahati mbaya. Mpangilio huu unaitwa koili za Helmholtz, jina la Mjerumani Hermann von Helmholtz, alizaliwa 1821 akafa 1894, na cha kuchekesha ni kwamba alianza kazi kama daktari wa jeshi, hivi vya sumaku vikaja baadaye.

Kazi yake ni moja. Ukipitisha umeme kwenye koili zote mbili, uelekeo mmoja, pale katikati unapata uga wa sumaku ambao ni karibu sawa sawa, ukisogeza kitu sentimita moja mbili huku na huku hakisikii tofauti. Ukitaka kupima kama dira inasoma vizuri, ukitaka kuifuta sumaku ya dunia mahali fulani ili ufanye jaribio lako kwa amani, ukitaka kuzungusha mshale wa elektroni ndani ya chupa ya kioo ili upime chaji yake kwa masi yake, unahitaji mahali kama hapo. Swali langu la leo ni kwa nini umbali uwe nusukipenyo moja, kwa nini usiwe mbili, kwa nini usiwe nusu, nani kasema.

Tuanze na koili moja tu, hiyo nyingine isahauni kwanza.

Koili moja ikipitisha ampea 1, kwa mizunguko 50 na nusukipenyo ya sentimita 15, pale kwenye kitovu chake inatoa maikrotesla 209 na kidogo. Ili mjue ukubwa wake, sumaku ya dunia hapa kwetu ni maikrotesla thelathini na kitu. Sasa ukianza kutembea kutoka kwenye kitovu, unaelekea mbele kwenye ule mstari wa katikati, uga unapungua. Hilo kila mtu analijua. Ila swali la maana ni unapunguaje.

Hapa ndio nataka muangalie huko dirishani, bahati nzuri leo mlima umejifunua. Chora mlima kwenye daftari, mlima laini, mmoja, wenye mteremko huku na huku. Kule juu kileleni umbo lake ni kama bakuli lililofudikizwa, limebonyea kwenda chini. Huku chini kwenye vishamba vya migomba mteremko unajikunjua taratibu, umbo ni kama bakuli lililowekwa vizuri tayari kutiwa uji. Sasa kati ya bakuli la kufudikizwa na bakuli la uji lazima pawe na sehemu ambayo sio hili wala lile. Hapo mteremko umenyooka kama ubao. Ni mkali, ndio, ni mkali kuliko sehemu zote, lakini umenyooka, haujapinda.

Grafu ya koili moja iko hivyo hivyo. Karibu na kitovu unapungua kwa uvivu, kwa sababu ukisogea kidogo umbali wako na waya haujabadilika sana, waya uko pembeni yako kote. Mbali kabisa nako unapungua kwa mkia mrefu, unafifia polepole. Katikati ya hizo mbili ndio unaporomoka kwa mstari ulionyooka. Na pale panaponyooka ni wapi? Ni umbali wa nusu ya nusukipenyo. Kwa ndoo yangu ni sentimita 7.5 kutoka kwenye koili.

Kwa wale wanaotaka hesabu, fomula ni hii, z ni umbali wako kutoka kitovu, R ni nusukipenyo:

```
B = μ0 N I R² / (2 (R² + z²)^(3/2))
```

Ukiitofautisha mara mbili, kile kipande kinachoamua kama imepinda juu au chini ni 4z² − R². Hicho kikiwa sifuri basi haijapinda, na kinakuwa sifuri z ikiwa R/2. Mwanafunzi wa fomu six anaifanya hiyo kwa dakika tano, asiyeweza leo aifanye jioni, na asiyeipenda hesabu abaki na bakuli zake mbili, anaenda sawa tu.

Sasa mrudisheni yule wa pili. Nikiweka koili ya pili sentimita 15 kutoka ya kwanza, ile nukta ya katikati iko sentimita 7.5 kutoka hii na sentimita 7.5 kutoka ile. Yaani nimekaa kwenye sehemu iliyonyooka ya mlima wa kwanza, na nimekaa kwenye sehemu iliyonyooka ya mlima wa pili, ila mmoja unashuka ninapoenda kulia na mwingine unapanda.

Fikiria watu wawili wanachangia harusi. Pale katikati kila mmoja anatoa maikrotesla 149.9, jumla 299.7. Nikisogea sentimita moja na nusu kuelekea koili ya kulia, yule wa kulia kaona mgeni kamkaribia, anaongeza, anatoa 167.6. Wa kushoto anapunguza, anatoa 132.1. Jumlisha hapo. 299.7. Nani kaona tofauti? Mwenye kamati hajui kwamba wachangiaji wamebadilisha kiasi, yeye anaona jumla ile ile.

Nisogee tena, sentimita 3 kutoka katikati. Wa kulia 184.0, wa kushoto 115.2, jumla 299.2. Imepungua nusu maikrotesla kwenye mia tatu. Na angalieni vizuri hapo, kila koili peke yake imebadilika kwa zaidi ya thelathini! Hakuna koili hata moja yenye uga sawa pale katikati, zote mbili ziko kwenye sehemu yao kali kuliko zote, halafu ukizijumlisha unapata uwanja wa mpira. Mimi hiki ndicho kinanifurahisha kila nikikifundisha, maana mwanafunzi huwa anadhani tunatafuta mahali ambapo kila koili imetulia, kumbe tunatafuta mahali ambapo kila koili inaporomoka kwa unyoofu.

Kuna kijana hapo mbele akanyoosha mkono, akasema, mwalimu mbona koili mbili zikifanana mahali popote zikiwekwa, pale katikati mmoja anapanda mwingine anashuka, kwa hiyo lazima zifutane tu, umbali unaingiaje? Nikamwambia mdogo wangu umeuliza swali ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda.

Ni kweli, mteremko unafutana umbali wowote, kwa sababu ya ulinganifu tu. Kinachobaki ni kupinda. Na kupinda hakufutani. Ukiweka bakuli la uji upande huu na kivuli chake kwenye kioo upande ule, kwenye kioo bado ni bakuli la uji, halijageuka kufudikizwa. Kwa hiyo kupinda kwa koili ya kwanza na kupinda kwa koili ya pili kunajumlishana, kunakuwa mara mbili. Njia pekee ya kukiondoa ni kila koili iwe haina kupinda yenyewe pale, na mahali hapo ni R/2 peke yake. Ndio maana umbali wote unakuwa R.

Tujaribu kukosea makusudi muone. Weka koili mbali, sentimita 30. Pale katikati kila moja inatoa 74, jumla 148. Sogea sentimita 7.5 kuelekea koili moja unapata 149.9 na 35.7, jumla karibu 186. Umepata bonde. Milima miwili na bonde kati, kila mtu anaona. Sasa zisogeze karibu sana, sentimita 7.5 tu. Katikati unapata 382, wow, kubwa, mtu anafurahi, lakini sogea sentimita 3 imeshuka mpaka 367 na kidogo. Umepata kilima kimoja. Nguvu umeongeza lakini usawa umeupoteza. Kati ya bonde na kilima kuna umbali mmoja ambapo bonde limejaa na kilima hakijaanza, na hapo juu panakuwa bapa.

Walimu watanivumilia niongeze kitu kimoja. Mteremko umefutana, kupinda hakuna, na kile cha tatu nacho kinafutana kwa ulinganifu ule ule wa mteremko. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachobaki ni cha nne, uga unapungua kwa umbali kwa kipeo cha nne, hivi, ila sasa z ni umbali kutoka pale katikati ya koili mbili, na B0 ni uga wa hapo katikati:

```
B ≈ B0 (1 − 1.152 (z/R)⁴)
```

Kipeo cha nne maana yake nini kwa mtu wa kawaida. Maana yake ukiwa karibu na katikati huoni kitu kabisa, halafu ukivuka mahali fulani inaanza kuanguka ghafla. Sentimita moja na nusu, upungufu ni kama sehemu moja kwenye elfu kumi. Sentimita tatu, umbali umekuwa mara mbili lakini upungufu umekuwa mara kumi na sita, bado ni asilimia 0.18 tu. Sentimita tano, asilimia 1 na robo. Na ukifika kwenye koili yenyewe, sentimita 7.5, unapata 283, imeshuka zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo mtu akikwambia uga kati ya koili za Helmholtz ni sawa, muulize mpaka wapi na kwa kiwango gani. Kati ya koili na koili yote? Hapana, muongo huyo. Mimi kwa hii ndoo yangu nikitaka asilimia moja nakaa ndani ya sentimita nne na nusu kila upande kwenye mstari wa katikati, naacha chenji kidogo.

Basi dada mmoja, mwalimu wa sekondari kule njia ya Marangu, akauliza na pembeni je? Maana tumeongea mstari wa katikati tu, lakini kitu unachoweka pale hakijawa uzi, kina upana.

Hilo ndio zawadi ya bure. Pale katikati hakuna waya, hakuna umeme unapita hewani. Mahali pasipo na umeme, uga wa sumaku haukubali kupinda upande mmoja tu. Ukipinda kama bakuli la uji kwa urefu, lazima upinde kama bakuli la kufudikizwa kwa upana, na vikijumlishwa vyote vinakuwa sifuri. Ni kama lile tandiko kati ya Kibo na Mawenzi, ukitoka Kibo kwenda Mawenzi unashuka halafu unapanda, lakini ukikatiza tandiko kutoka upande wa kaskazini kuja huku kwetu unapanda kwanza halafu unashuka. Mahali ni pale pale, ni bakuli kwa huku na kilima kwa kule. Sasa sisi kwa urefu tumeshaondoa kupinda, ni sifuri. Basi kwa upana nako lazima iwe sifuri, na kwa kuwa koili ni duara hakuna pembeni iliyo na upendeleo, pande zote ni sifuri. Umerekebisha mstari mmoja tu, eneo zima la katikati likajirekebisha. Na pembeni kwenyewe ni afadhali kuliko mbele, ukisogea sentimita nne na nusu pembeni, bila kwenda mbele wala nyuma, upungufu ni kama asilimia 0.35 hivi.

Haya, nadharia imetosha, niwaambie nilivyochemka.

Mara ya kwanza kabisa nilivyounganisha hizi koili, nikawasha, nikaweka simu katikati, simu inasoma sumaku ya dunia tu. Nikaongeza umeme, hamna kitu. Nikasema waya umekatika. Nikasogeza simu karibu na koili moja, namba ikaruka, nikasogeza kwenye nyingine, ikaruka lakini kwa alama ya kutoa. Hapo nikajua, koili moja nimeiunganisha kinyume. Umeme unazunguka huku kama saa na kule kinyume cha saa, kwa hiyo michango inatoana, katikati inakuwa sifuri kamili. Nikageuza nyaya za koili moja, ikakaa sawa. Kwa hiyo ukiona katikati hamna kitu na pembeni kipo, usitafute waya uliokatika, geuza tu koili moja.

La pili liliniumiza zaidi kwa sababu halikujionyesha. Nilipima umbali kwa rula, kutoka ukingo wa ndani wa waya huu mpaka ukingo wa ndani wa waya ule, sentimita 15 safi kabisa. Nikajipongeza. Nikawasha ampea 1, nikategemea kama 300 pale katikati. Ikasoma 276. Nikasema simu hii ya bei rahisi, lazima haiko sawa. Lakini nikasogeza simu kwenye mstari, na namba badala ya kupungua ikaanza kupanda, 278 kwenye sentimita 3, 279 na kidogo kwenye sentimita 5. Simu mbovu inaweza kusoma chini, sawa, lakini haiwezi kunitengenezea bonde. Bonde maana yake koili ziko mbali.

Nikarudi na rula. Waya wangu umelala kwenye pete kwa upana wa sentimita 2, ni mizunguko 25 tabaka la chini na 25 tabaka la juu. Katikati ya waya iko sentimita 1 ndani kutoka kwenye ukingo. Huku sentimita 1 na kule sentimita 1, kumbe umbali wa kweli ulikuwa 17 sio 15. Nikaweka 17 kwenye fomula, ikatoa 275.8 katikati na kupanda kwa asilimia 1.3 kwenye sentimita 5. Yaani fomula ilikuwa inanicheka. Kwa hiyo umbali unapimwa kutoka katikati ya fungu la waya mpaka katikati ya fungu lingine, na nusukipenyo nayo inapimwa mpaka katikati ya fungu, sio mpaka ukingo wa ndoo. Na njia ya kujua kama uko sawa sio kuangalia namba ya katikati, ile inategemea ampea zako na simu yako, angalia umbo. Ikipanda ukienda kwenye koili, ziko mbali. Ikishuka mapema, ziko karibu mno. Mimi siku hizi naanza kwa umbo.

Kwenye kupima kwa simu, kwa sababu najua mkitoka hapa mtajaribu. Mimi natumia app ya phyphox, inakupa namba tatu tofauti za sumaku, moja kwa kila mwelekeo wa simu, wewe chukua ile iliyolala kwenye mstari wa koili. Kitambuzi chenyewe hakiko katikati ya simu, mara nyingi kiko juu juu, utakipata kwa kupitisha sindano juu ya simu polepole uone wapi namba inaruka zaidi, hapo weka alama ya kalamu, hiyo ndiyo nukta yako. Halafu kila mahali soma mara mbili, umeme umezimwa na umeme umewashwa, toa. Hiyo inaondoa sumaku ya dunia, inaondoa sumaku ya spika ya simu, na inaondoa mawe. Ndio, mawe. Haya mawe meusi ya volkano tunayojengea kuta huku, ya Meru na ya Kilimanjaro, yana chembe za madini ya chuma yenye sumaku yake, ukipitisha dira karibu na ukuta unaweza kuiona inayumba. Lakini jiwe halijali kama umewasha au umezima, kwa hiyo kwenye kutoa linaondoka. Soma haraka haraka pia, maana simu nyingi zikikaa kwenye sumaku kubwa zinajirekebisha zenyewe kimya kimya zinadhani ni kava lako lenye sumaku, na namba inaanza kutembea.

Ila meza ya chuma haiondoki kwa kutoa. Chuma kinavutwa na koili zako, ukiwasha nacho kinageuka sumaku, ukizima kinatulia, kwa hiyo kinajificha ndani ya jibu lako. Utakitambua kwa sababu umbo linakuwa la upande mmoja, kushoto hailingani na kulia, au juu hailingani na chini. Mimi ndio maana nimeleta meza ya mbao na skrubu za shaba, sio kwamba nina hela.

Na umeme. Waya wote huu ni kama mita 94, ukinzani wake ni om 3 na kidogo. Ukichomeka betri ya bodaboda moja kwa moja unapata karibu ampea 4, uga mkubwa, raha, lakini waya unapata moto, na shaba ikipata joto nyuzi 10 tu ukinzani unapanda karibu asilimia 4, kwa hiyo ampea zinashuka huku wewe unasoma. Utapima usawa wa asilimia 0.2 wakati umeme wako umetembea asilimia 4? Tumia sapulai inayoshikilia ampea, sio inayoshikilia volti, weka 1, na koili zote mbili ziwe kwenye mstari mmoja wa umeme, unaotoka hii ndio unaingia ile, ili ziwe na ampea zile zile bila ubishi. Nikiona mtu kaziunganisha kila moja na waya wake kwenye betri nampigia kelele, maana moja ikipata joto zaidi mchango wake unapungua na lile bapa linainama.

Mwisho mzee mmoja fundi, mkono wake wote una makovu ya vanishi ya mota, akauliza, mwalimu mimi nataka niingize kitu kikubwa zaidi humo, nifanye ndoo kubwa? Nikamwambia ndio mzee wangu, chukua pipa badala ya ndoo, nusukipenyo ya 30, umbali nao uwe 30, na lile eneo la usawa linakuwa mara mbili kila upande, kwa sababu kila kitu kinahesabiwa kwa R. Ila uga unakuwa nusu, 150 badala ya 300, kwa mizunguko ile ile na ampea ile ile, na waya utahitaji mara mbili. Akafikiria kidogo, akauliza shaba yote hiyo nani ananunua. Watu wakacheka. Nikamwambia aanze na ndoo, na hizi pete akitaka nitamwachia, waya tu ndio sio wangu.